Nauli Iliyokwisha Kulipwa

Mwaka ule tulikula bada. Sisi wa huku juu, watu wa viazi na maharage, tulikula bada, ugali wa muhogo wa kununua uliopandishwa kwa magunia kutoka bondeni, kwa sababu viazi vyetu vilioza ardhini kwa mvua. Ukimuuliza mtu yeyote wa Malindi, hii yetu ya milimani, si ile ya pwani, "Mwaka gani ule?" atakwambia, "Ule wa bada," na uso ataukunja.

Viazi vilioza chini, plamu zikaoza juu ya miti. Lori halikuweza kupanda. Tulisimama barabarani na matenga yetu, wanawake kumi na nane wa kikundi cha usharika, tukiangalia nyuki wakila jasho letu. Pale pale kwenye tope tukakubaliana: mwakani hatusubiri lori. Tutanunua mashine ya kukamua matunda, tupike jemu, jemu haiozi. Mimi ndiye mwenyekiti. Sikuchaguliwa kwa sababu ya kusoma, maana shule niliacha darasa la pili na mpaka leo naokota herufi moja moja kama anayechagua mawe kwenye mchele. Nilichaguliwa kwa sababu siogopi mtu.

Mashine tuliipata India, kwa simu ya mhazini wetu. Huyu ni mwalimu mstaafu, mtu wa Tanga aliyeolewa huku, na sote tunamwita Mwalimu. Yule muuzaji alimtumia ankara mbili za mashine ile ile. Moja bei ndogo, nyingine bei kubwa. Wenzangu wakaruka, "Ya bei ndogo!" Mwalimu akasema ngojeni, akaandika ubaoni, pale kwenye ukumbi wa usharika, herufi tatu juu na tatu chini.

"Hii ya bei ndogo ni FOB," akasema. "Muuzaji anakupakilia mzigo melini huko huko kwao, basi, kazi yake imekwisha. Nauli ya meli unalipa wewe. Bima unakata wewe. Hii ya bei kubwa ni CIF. Humo ndani kuna bei ya mashine, kuna bima, kuna nauli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Muuzaji ndiye anayelipa meli."

"Na kodi?" nikauliza.

"Kodi ni yetu kwa vyovyote. Na gharama za bandari, na za wakala wa kuutoa mzigo."

Nilielewa upesi kuliko wote, nasema bila haya. Kabichi nimeuza miaka arobaini. Kuna kabichi unayouza ukaishia kuipandisha kwenye lori la mnunuzi, nauli ya kwenda Dar atajua mwenyewe. Na kuna kabichi unayouza ya kufikishwa sokoni, hapo bei unapandisha kwa sababu lori unalilipa wewe. Nikawaambia wenzangu hivyo hivyo. Nikawaambia, sisi baharini tunamjua nani? Tulipe kubwa, atuletee. Tukapiga kura, tukalipa ya CIF. Zile herufi nilizikariri: C ni mundu, I ni mwimo wa mlango, F ni ufunguo. Nikajua mundu ukitangulia, nauli si yangu.

Wakala wa kutoa mzigo tulikuwa naye nyumbani. Mwanangu wa mwisho anafanya kazi Dar kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mimi ndiye niliyemtaja. Nilisimama nikasema, "Ninaye wangu, hatatuibia." Niliyasema haya kwa mdomo wangu, watu kumi na saba wakinisikia.

Kiingereza cha mtoto yule kimetoka kichwani kwangu, hapa kwenye utosi, mahali tenga la plamu linapokaa. Kila muhula tenga kwa tenga mpaka akamaliza chuo. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Sikuomba mtu.

Meli ilipofika, alipanda mwenyewe kuja Malindi na begi la makaratasi. Shati jeupe, viatu vya kung'aa, akaingia ukumbini akapita mmoja mmoja, "Shikamoo mama, shikamoo mama," wanawake wakayeyuka. Akakaa mbele, akasoma orodha ya fedha zinazotakiwa. Kodi. Sawa. Tozo za bandari. Sawa. Ada ya kampuni yao. Sawa. Kisha akasema, sauti haikutetereka hata kidogo, "Nauli ya meli kutoka India. Na bima ya baharini."

Nilidhani masikio yangu yananidanganya.

"Rudia."

"Nauli, mama. Na bima."

Mwenzangu mmoja, mjane mwenye mdomo, akacheka. "Nauli tena? Au mashine ikishatusalimia inarudi kwao?"

Watu wakacheka. Mwanangu naye akacheka, akasubiri wanyamaze, akatoa karatasi ya forodha. Akaishika juu ili sote tuione. "Mama zangu, si maneno yangu haya, ni ya serikali. Tazameni. Hapa, FOB. Hapa, nauli. Hapa, bima. Wameandika wenyewe."

Ukumbi ukapoa. Kweli ilikuwa imeandikwa. Mwalimu akavaa miwani, akaisogeza karatasi karibu, akaiweka mbali, na nikaona amepoteza njia. Wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema tulipe tu, mzigo ukilala bandarini kila siku unakula hela, na plamu zinaanza kuwa nyekundu. Mwingine akasema kijana anajua, ndiyo kazi yake.

Nikaomba karatasi. Mwanangu akaitoa haraka, kwa upole, kama unavyompa mtoto mchanga kijiko achezee. Alikuwa na hakika kwamba natazama wino tu.

Nikatambaa na kidole. FOB, na hesabu mbele yake. Chini nauli, na hesabu. Chini bima, na hesabu. Chini kabisa mundu, mwimo, ufunguo, na hesabu kubwa. Ile hesabu ya chini niliijua. Ilikuwa ile ile tuliyompelekea muuzaji kwa benki. Niliijua kama ninavyojua idadi ya watoto wangu.

"Mwalimu," nikasema, "hizi tatu za juu zikijumlishwa zinatoa hii ya chini?"

Akapiga hesabu. "Zinatoa."

"Na hii ya chini tulishalipa?"

Mwalimu akanitazama, kisha akatazama meza. Uso ukamrudia. "Tulishalipa. Nauli na bima zimo humu. Forodha wamezichambua kwa sababu kodi wanaipiga juu ya bei ya kitu pamoja na nauli yake na bima yake. Wanazihesabu ili wapate kodi. Hawatudai sisi nauli." Akamgeukia mwanangu. "Hati ya meli iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya begi. Haikutoka upesi. Ilipotoka ilikuwa imegongwa kwamba nauli imelipwa kule kule ilikopakiwa.

Mwanangu akaacha Kiswahili. Akaniinamia, akaanza kunisemesha Kishambaa taratibu, kile cha jikoni, ambacho hajanisemesha tangu ahamie Dar. Akasema kuna watu wa kuwapa huko, mambo ya mjini mimi siyajui. Akasema nisimwaibishe mbele za watu. Nikamjibu kwa Kiswahili, na kwa sauti, ili kumi na saba wale wasikie.

"Hao watu wa kuwapa wana risiti?"

Akafunga zipu ya begi.

"Basi futa nauli. Futa bima. Zilizobaki tutalipa."

Alizifuta. Kalamu yake ilitoboa karatasi. Ugali niliomwekea hakuugusa, akashuka na gari la mchana.

Sasa wenzangu wakakataa asitoe mzigo wetu, na walikuwa na haki. Mwalimu akaiandikia kampuni ya mwanangu kuomba wakala mwingine, na sababu akaieleza. Kubadilisha mkono kulikula wiki tatu. Tozo za kulala bandarini zilikua kila siku, tukazilipa. Mashine ilipopanda mlima, miti ilikuwa imebaki majani. Plamu zetu zilioza mwaka wa pili. Wapo walionisifu. Wapo waliosema kisimani, makusudi nisikie, "Amchague mwanawe, kisha amkamate mwanawe, hasara tugawane sote." Walisema kweli.

Baada ya hapo mwanangu alirudi mara moja. Safari hii hakukuwa na shati jeupe. Alinikuta nyuma ya nyumba napukuchua mahindi, akaamkia, nikaitikia, akakaa kwenye gogo.

"Mama, wamenisimamisha kazi."

Niliendelea kupukuchua.

"Bosi anataka maelezo kutoka kwa mteja. Akiyapata yakiwa mazuri, narudi. Nimekuandikia mimi, usihangaike."

Akanisomea. Barua ilisema mimi, mwenyekiti wa kikundi, nilidhani tumenunua kwa FOB. Ilisema nilimwambia wakala mwenyewe adai nauli na bima. Ilisema ni bibi wa kijijini, sikusoma, sikuelewa tofauti ya FOB na CIF, hivyo kosa lilikuwa langu na kijana hana hatia.

Nikamwomba airudie ile sehemu ya bibi wa kijijini. Akairudia, safari hii macho yake yakiwa chini.

"Nani aliyewaeleza wenzake siku ile kwa kabichi?" nikamuuliza.

"Wewe, mama. Ulinihadithia mwenyewe."

"Na karatasi ya forodha nani aliisoma?"

"Mama, ni maneno tu. Huko Dar nani anakujua?"

"Jina langu siweki hapo."

Akaanza kuhesabu wajukuu wangu kwa majina. Ada ya huyu, kodi ya nyumba, mkewe mjamzito. Wajukuu zangu nawapenda kuliko macho yangu, na yeye alijua ni wapi pa kunibonyeza. Punje zikanimwagikia nje ya ungo. Nikamwambia, watoto walete huku, nitawalisha, nitawasomesha, kichwa changu bado kinabeba tenga. Nikamwambia, kaandike barua yako mwenyewe, useme ulichofanya, na hiyo nitasafiri nayo mpaka kwa huyo bosi nikupigie magoti. Magoti yangu nampa.

"Hiyo itanifukuzisha kabisa."

"Labda."

"Kwa hiyo unanitupa, mama? Kwa herufi tatu?"

Alikuwa analia. Ana miaka thelathini na minne na analia kama siku niliyomwachisha ziwa. Akaikunjua barua tena juu ya goti langu, akainyoosha kwa kiganja, akanifungulia kalamu, akaniwekea vidoleni.

Nikaishika ile kalamu kitambo. Kisha nikamrudishia.

"Jina langu siweki hapo."