Mama Pacha na Aya ya Mwisho

Mama Pacha aliacha shule akiwa kidato cha tatu, na kwa miaka mingi hakuna aliyemsikia akilalamikia jambo hilo. Alikuwa msusi. Saluni ilikuwa ya wifi yake, chumba kimoja chenye vioo viwili na benchi refu, na watu walikuja kwa sababu vidole vya Mama Pacha vilikuwa vyepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Mteja aliingia amenuna, akatoka na nywele mpya na mbavu zinazomuuma kwa kicheko.

Kilichomrudisha kwenye masomo ni wale pacha wake, wasichana wawili. Walipoingia sekondari walikuja na vitabu vya hadithi vya shuleni wakavitupa mezani, naye akawa anavimaliza kabla yao. Siku moja mkubwa, yule aliyemtangulia mwenzake kwa dakika chache na hajaacha kujivunia, akamwuliza, "Mama, kwani wewe shule hukuimaliza kwa nini?" Akajibu kwamba wao ndio waliokuja kumwita, kutoka tumboni. Walicheka wote watatu, lakini swali lilimkaa rohoni, na wiki haikuisha akawa amemwambia mumewe kwamba anataka kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Alifikiri kidogo, akasema, "Jiandikishe. Siku za masomo nitapika mimi. Ila asije mtu akalalamikia chumvi."

Darasa lilikuwa juu ya duka la dawa, chumba cha kukodi kilichojaa watu wazima waliokaa kwenye viti vya plastiki: dereva wa lori, mama muuza mitumba, mlinzi wa benki aliyesinzia akiwa ameketi wima. Aliyewafundisha fasihi alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba wa mvi, waliyempa jina la Kalamu Mbili. Alisahihisha kwa kalamu ya kijani pale alipopendezwa, na kwa nyeusi pale alipochoka. Nyekundu hakuitaka. Alisema inamfanya mtu aone damu badala ya kosa.

Muhula ule walisoma hadithi fupi ya mjane anayepiga pasi mashati ya marehemu mumewe kila Jumapili. Jumapili za mwanzo anayapiga pasi na kuyarudisha kabatini. Baadaye anaanza kuimba chinichini akiwa kazini. Mwishoni anampa shati moja fundi bomba aliyelowa, kisha anayakunja yaliyobaki bila kuyapiga pasi. Majirani, muda wote huo, wanasema yule mwanamke ana moyo mgumu. Swali la insha lilikuwa: mwandishi anatumiaje kitendo kinachorudiwa kumjenga mhusika?

Mama Pacha aliandika kwa raha. Hoja zake zilikuwa tatu, kila moja na ushahidi wake kutoka kwenye hadithi. Insha iliporudi, kurasa za katikati zilijaa mistari ya kijani. Kisha akafika aya ya mwisho, akakuta imepigwa mstari mweusi toka juu hadi chini kama mlango uliopigiwa misumari.

"Mwalimu, hapa nimekosea nini? Si nimehitimisha?"

"Umehitimisha nini?"

"Nimesema yale niliyoyasema mwanzo."

"Ndiyo tatizo lenyewe, mama. Hebu ngoja."

Mwalimu akaichukua insha akawasomea wote kwa sauti. Alipomaliza akauliza kama kuna aliyeona kitu cha ajabu. Wakatazamana. Dereva wa lori akasema yeye ameona insha nzuri tu.

"Nimeanza na aya yake ya mwisho, nikamalizia na ya kwanza," mwalimu akasema. "Hakuna aliyeshtuka. Hitimisho linaloweza kukaa mwanzoni halijafika mwishoni. Tumezunguka nyumba, tumerudi pale pale."

Darasa likacheka, na Mama Pacha naye akacheka, ingawa uso ulimwaka. Usiku huo, alipomwosha mkubwa wa pacha kichwa, alimsugua kwa nguvu mpaka mtoto akauliza kakosa nini.

Aliandika upya aya ile moja. Kama kosa lilikuwa kubaki pale pale, basi safari hii angekwenda mbali. Aliandika kwamba tangu binadamu aumbwe kifo kimekuwa fumbo, kwamba mataifa yote yanalia, kwamba jamii inapaswa kuwasaidia wajane na vijana wajitume kazini. Alipoisoma alijiona anahutubia uwanja.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama dirishani.

"Sasa umetoka nje, vizuri," akasema. "Lakini umekwenda mbali mpaka mjane hatumwoni tena. Aya hii naibandika mwisho wa insha yoyote, inakaa. Hata insha ya mpira."

"Mwalimu, nikikaa ndani kosa, nikitoka nje kosa. Nisimame mlangoni?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye, na sauti ikashuka. "Sikiliza, mama. Ulipoanza kuandika ulijua jambo moja. Ulipomaliza hoja ya mwisho ulijua zaidi. Hicho cha zaidi ndicho ninachokitaka. Usinirudishie ulichokwisha kunionyesha, wala usiniletee hoja mpya inayodai ushahidi mpya, maana nafasi ya kuuleta huna tena. Chukua kilichokwisha kuthibitika, ujiulize: kama hili ni kweli, basi nini? Linatuambia nini juu ya jinsi hadithi zinavyofanya kazi, au juu yetu tunaozisoma? Hatua moja tu nje. Na mjane awe bado anaonekana."

Mama Pacha alirudi nyumbani na maneno hayo, na siku kadhaa yakamkalia kichwani bila kuzaa kitu. Alisuka huku akijisemea "basi nini, basi nini," mpaka wifi yake akamwuliza kama anadaiwa.

Jumamosi asubuhi aliketi kwenye meza ya chumbani na karatasi zake. Chumba kilikuwa kidogo, na kona nzima ilichukuliwa na charahani ya marehemu mama mkwe wake, aliyefariki mwaka uliopita. Hakuna aliyeitumia. Mama Pacha alitaka iuzwe, kona hiyo iwekwe meza ya watoto kusomea, na walikwisha kugombana kwa ajili hiyo. Lililomuuma zaidi hakulisema. Mumewe hakulia msibani. Alibeba viti, akalipa waliostahili kulipwa, akashukuru watu, akarudi kazini. Mama Pacha, aliyempenda mkwewe kama mama mzazi, alilia peke yake, na tangu siku hiyo alikuwa na kinyongo kwamba ameolewa na jiwe.

Asubuhi ile mume aliingia na kikopo cha mafuta, kama kawaida yake ya kila Jumamosi. Akaifunua charahani, akatia mafuta, akazungusha gurudumu polepole. Mama Pacha hakumjali. Alikuwa anaitafuta hadithini sentensi ambayo mwandishi anasema mjane ana huzuni, ili aianzie hapo. Akapitia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuiona. Akarudia. Neno lenyewe halikuwamo. Machozi hayakuwamo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika "huzuni" katika kila aya ya insha yake, na mwandishi hakuwa amempa neno hilo. Alikuwa amempa mikono na pasi tu.

Akaandika haraka, kalamu ikikwaruza:

"Katika hadithi nzima mjane hasemi kwamba anahuzunika, na mwandishi hamsemei. Neno hilo tumelileta sisi, baada ya kuitazama mikono yake. Majirani wanamwona mgumu kwa sababu wanangoja kusikia, na yeye haongei. Kwa kukataa kutaja jambo, hadithi fupi kama hii humfundisha msomaji kutazama pale alipozoea kusikiliza tu. Na akishafunga kitabu, huenda akagundua kwamba hata nyumbani kwake yupo mtu anayelia kwa mikono."

Aliweka nukta, akainua macho ili apumzike. Mumewe alikuwa amechukua kitambaa laini na anafuta mwili wa charahani, taratibu, pale penye rangi iliyobanduka kwa kushikwa miaka mingi.

Mama Pacha alibaki na kalamu hewani. Akaisoma tena sentensi aliyotoka kuiandika. Kisha akamtazama mume wake kama mtu aliyeletwa kwake upya.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Hii mashine hatuiuzi."

Mume aliacha kufuta. "Si ulisema watoto hawana pa kusomea?"

"Watasomea kitandani, au mezani kwangu. Haiuzwi." Akaiweka kalamu chini. "Nilikuwa nakuona huna uchungu na mama. Nisamehe."

Mumewe alikikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Alikuwa akisema ikikaa bila mafuta inakufa," akasema hatimaye. "Mimi kusema sijui, mke wangu. Hii naijua."

"Basi njoo unionyeshe unapotia."

Akamwonyesha, tundu moja baada ya jingine, na katikati ya kuonyesha sauti yake ikakatika. Pacha walipoingia kuuliza chai waliwakuta wazazi wao wameinama juu ya charahani, mkono wa mama mgongoni mwa baba, wakatoka tena bila kuuliza.

Mwalimu aliipokea aya hiyo. Aliisoma darasani, kisha akajaribu kuiweka mwanzoni kama alivyofanya mara ya kwanza. Safari hii haikukaa. Mlinzi wa benki, aliyekuwa macho siku hiyo, akauliza, "Majirani gani? Mikono ya nani? Bado hatujawajua." Mwalimu akatabasamu, akachora mstari wa kijani chini ya aya nzima.

"Umeipata wapi hii?"

"Nyumbani," Mama Pacha akasema, na machozi yakamlengalenga. Akamsimulia baada ya wengine kuondoka.

Mtihani ulipokuja swali lilihusu tamthilia, mambo mengine kabisa. Aliacha muda wa aya ya mwisho, akajiuliza lile "basi nini" lake, akaandika kwa utulivu. Matokeo yakatoka: amefaulu fasihi vizuri, na mengine ya kutosha. Wifi yake alifunga saluni mchana kweupe akawanunulia wateja wote soda, akidai yeye ndiye aliyevumilia zaidi.

Wiki hiyo hiyo Mama Pacha alikwenda kwa mwalimu wake na kifurushi cha vitana na mafuta ya nywele. Alimkuta barazani.

"Nimekuja kushukuru, Mwalimu. Sina kikubwa. Nimekuja na vidole."

"Mvi hizi zitasukika?"

"Wewe kaa tu."

Akamkalisha kwenye kigoda, yeye akaketi nyuma yake kitini, akaanza kuzigawa nywele laini kama pamba. Mwalimu akasema wengi humpita wakiwa wamefaulu, na anawafurahia wote, ila ni wachache wanaorudi kumweleza walichokiona njiani. Mama Pacha akamwambia kwamba Baba Pacha naye anamsalimu, na kwamba siku hizi anaongea, si sana, lakini anaongea. Akaendelea kumsimulia habari za nyumbani mpaka akagundua hajibiwi. Kichwa cha mwalimu kilikuwa kimeegemea goti lake, usingizi umemchukua. Mama Pacha akapunguza mwendo wa vidole, asimwamshe, akaendelea kusuka.