Kisogo cha Kasmiri

Matrida alikuwa amemnyoa mumewe kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukisifia kichwa kile. Kwa hiyo Bhoke, jirani yao pale Manyamanyama, alipopita na ndoo yake asubuhi ile na kusema, "Eeh, Mama Jofrey, mzee ananyolewa wapi siku hizi? Kichwa kimekaa sawa kama cha bwana harusi!", moyo wa Matrida ulipiga paa.

"Ninamnyoaga mimi," alijibu.

"Wewe?" Bhoke akacheka mpaka maji yakamwagika. "Acha utani. Wewe ulikuwaga unamwachia ngazi, mtu angeweza kupanda mpaka utosini!"

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yaliuma. Matrida alikuwa fundi cherehani, si kinyozi. Kila Jumapili ya pili, baada ya misa, alimkalisha Kasmiri kwenye kigoda uani, akapachika kwenye mashine ya kunyolea kitana cha namba mbili kwa nywele za juu na cha namba moja kwa za pembeni, na pale viwili vilipokutana pakabaki mstari. Kasmiri hakuwahi kulalamika. Alikuwa akiuza dagaa wa Kiriba, na alisema dagaa hawaangalii kichwa cha mtu. Kigodani pale ndipo walipozungumza mambo yao yote, ada za watoto, mashamba ya kwao Butiama, nani kaoa nani.

Sasa tangu Pasaka hakukuwa na kigoda. Kwanza Kasmiri alivaa kofia wiki mbili, hata ndani ya nyumba, eti kichwa kinapata baridi. Baridi, Bunda! Kisha kofia ikavuliwa, na kichwa kikatokea kimenyolewa. Matrida alipomuuliza, alisema bila kumtazama, "Nimejinyoa mwenyewe."

Mwenyewe! Mtu anajinyoaje kisogo? Ana macho mgongoni? Asubuhi moja Kasmiri alipoinama kufunga viatu, Matrida alijifanya anampangusa vumbi, akampitisha kiganja kuanzia shingoni mpaka utosini. Laini. Hakuna mstari, hakuna bonde. Ule ulikuwa mkono wa mtu mwenye muda na subira, na Matrida alijua si wake.

Akaanza kuchunguza. Alifagia uani akitafuta nywele, hakupata hata unywele mmoja. Mtu anayejinyoa nyumbani huacha nywele, sivyo? Halafu kuna saluni mpya ya Ghati kule Kabasa, ambako wasichana wanawaosha wanaume vichwa kwa maji ya moto na kuwasugua nyuso. Matrida akajitanda kanga, akaenda. Ghati, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alisema hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo.

"Atasema amemwona?" Matrida alijiambia njiani kurudi. "Na huo upole wote wa nini? Ana nini cha kuficha?"

Usingizi ukapotea, chakula kikakosa ladha. Shati la kwaya alilokuwa anashona likatoka na kola iliyopinda, mwenye shati akarudi amenuna. Matrida akamlaumu Kasmiri kimoyomoyo: ni yeye anayemvuruga. Hakumwambia mtu kwamba wiki ile yote Bhoke ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. Alimwambia Bhoke vidole vyake vina mafuta.

Jumamosi mchana, Kasmiri alipotoka kuoga, alikuta begi la mkewe limefungwa, limewekwa mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Butiama, kwa kaka yangu. Baba Jofrey, mimi si mtoto. Niambie jina la mwanamke anayekunyoa, niondoke nikijua."

Kasmiri alijifuta maji masikioni. Kisha akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Kaa hapo," akasema. "Kaa uone. Ukimaliza kuona, kama bado unataka kwenda, nitakubebea begi mwenyewe."

Matrida akakaa, mikono kifuani, kama askari wa getini.

Kasmiri akajikausha kichwa vizuri, akakichana nywele zisimame. Akatandaza gazeti kuukuu chini, akatundika kioo kikubwa ukutani na kushika kingine kidogo mkononi, ili kimoja kimwonyeshe kilichomo kwenye kingine. Akadondoshea meno ya mashine mafuta kidogo, akapachika kitana cha namba mbili, akakivuta mara mbili kuhakikisha kimeshika.

"Mara ya kwanza hakikushika," alisema. "Kikaruka, nikabaki na kipara cha duara kama sarafu ya sumni hapa juu. Ndiyo ile kofia."

Basi kofia ilipata maelezo yake.

"Kitana kimoja tu, kichwa kizima," Kasmiri akaendelea. "Hakuna cha namba moja pembeni. Ngazi inatoka hapo." Akaanzia shingoni, akapandisha taratibu kinyume na nywele zilivyolala, kitana kikikaa bapa ngozini wakati wote, bila kukiinamisha wala kukikandamiza. Nyuma ya sikio alilikunja sikio kwa vidole. Utosini, pale nywele zinapozunguka, alipita toka mbele, toka nyuma, kulia, kushoto. Kisha akaweka kile kioo kidogo chini.

"Mbona unakiweka? Utaonaje?"

"Kioo kinadanganya, kinageuza kushoto kuwa kulia. Naona kwa hiki." Akapitisha kiganja cha kushoto kisogoni polepole, na kilipokuta mahali penye kuchoma zaidi kidogo, mashine ikafuata, mara mbili, mpaka pakalingana.

Mwishowe akakunja gazeti na nywele zake. "Hizi naenda kuzimwaga chooni. Mama aliniambia nywele haziachwi ovyo, mtu mbaya asiziokote."

Kwa hiyo zile nywele nazo zilipata maelezo yake. Lakini Matrida hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alisimama, akamzunguka, akainamisha uso karibu na kichwa.

"Ngoja! Si huu hapa? Nyuma ya sikio, mstari! Tena mrefu! Huyo mwalimu wako hajakufundisha vizuri!"

Kasmiri hakugeuka. Aliuchukua mkono wa mkewe, akaupeleka nyuma ya sikio, akaulaza pale. Kidole cha Matrida kikakuta kishungi cha nywele zilizokatwa, zimenata kwenye ngozi yenye jasho. Kikapangusa. Chini yake palikuwa laini kama kwingine kote.

Akaondoa mkono, akautazama.

"Tangu lini unajua macho yangu hayaoni vizuri?" aliuliza, na sauti haikuwa tena ya askari.

"Tangu mwezi wa tatu. Uliponikata sikio." Kasmiri aliongea akiangalia gazeti. "Ulilia kuliko mimi. Na kabla ya hapo nilikuona unalitafuta sikio kwa kidole kwanza, ndipo ulete mashine. Nikasema, nikimwambia habari ya macho, ataona nimemdharau. Nikinyamaza, atanikata tena na atalia tena. Nikaona bora nijifunze kwenye simu."

"Ukaniacha niamini una mwanamke?"

"Sikujua unaamini hivyo. Nilidhani umefurahi kupumzika."

Matrida alikaa kwenye kigoda, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Pasaka. Alifikiria kola iliyopinda, na kila sindano aliyompelekea Bhoke. Yeye ndiye aliyekuwa na siri nyumbani humo, na akaitafuta kwa mwenzake.

"Jumatatu," alisema hatimaye, "twende Musoma wakanipime macho. Na huyo Ghati usimwambie kitu, nitapita mwenyewe kumwomba radhi."

"Ghati gani?"

"Basi tu. Lirudishe begi ndani, Baba Jofrey."