Saruji Iliyozidi Mbweni

Nilikuwa mkadiriaji kwenye ujenzi wa hoteli Mbweni. Wiki ile muhtasari wa matumizi ya vifaa ulionesha saruji imezidi makadirio kwa robo nzima. Meneja wa mradi aliusoma, akapumua kwa uchovu.

"Mlinzi anatuibia?"

"Sidhani. Mchanga na kokoto navyo vimezidi kwa robo hiyohiyo. Mwizi wa saruji ataiba kokoto za nini? Zege lenyewe ndilo linaloingia mahali."

Tukaenda kwenye mtaro wa msingi ambao haujamwagwa zege. Chini ya jiwe la matumbawe palikuwa na pango, limeingia mpaka chini ya sehemu tuliyokwishamwaga. Zege la ziada lilimezwa humo. Meneja akaniambia nirekebishe makadirio ya msingi wote.

Jioni nilimwamkia mlinzi shikamoo, nikashindwa kumtazama usoni kwa aibu ya jinsi alivyoshukiwa bure.