Magunia ya Uzi Mwekundu

Jina la Mama Bambo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa na wakulima wa ushirika miaka ile ya mwanzo, walipokuwa wakimwona anashuka kwenye lori na bambo lake, kile kichuma chenye ncha na mfereji, anakichoma ubavuni mwa gunia, anachota punje za katikati na kuziangalia kiganjani kama mtu anayesoma barua ya mkwe. Wengi walikuwa na kawaida ya kuweka mahindi mazuri juu na mengineyo chini, kwa hiyo hawakumpenda. Baadaye walizoea, wakaona kwamba anayepita kwenye bambo la mama yule hulipwa bila maneno, na jina likalainika mdomoni mpaka likawa la heshima.

Alikuwa akinunua mahindi na mboga kwa ajili ya jiko la shule ya bweni na maduka mawili ya mtaani kwao. Zamani kazi hii walifanya wawili: yeye akikagua, mumewe akiendesha. Sasa mume alikuwa amekwenda mbele ya haki, mwaka wa tatu huo, na lori liliendeshwa na mdogo wake, shemeji mtu, mwanamume mwenye kitambi na maneno mengi ambaye alimfanyia utani njia nzima ili asipate nafasi ya kunyamaza sana.

"Shemeji," alimwambia asubuhi ile walipokuwa wakipanda kilima, "nashangaa kaka yangu uliolewa naye vipi. Mtu anayechoma kila kitu kabla ya kukichukua."

"Kaka yako nilimchoma, nikamkuta mkavu," akajibu. "Wewe ndiye ningekurudisha shambani."

Shemeji alicheka mpaka akakosa gia.

Walifika ghalani umande haujakauka. Ghala la ushirika lilikuwa jengo refu la matofali, sakafu ya saruji, madirisha madogo yenye wavu juu karibu na bati, na mbele yake uwanja mpana wa saruji wa kuanikia nafaka. Walianza na kabichi, kwa kuwa kabichi haisubiri. Zilikuwa zimekatwa alfajiri na kupangwa kivulini. Mama Bambo alizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, zile zinazobonyea akazisukuma pembeni, zilizo ngumu na nzito akazipokea. Wapagazi walipotaka kuzivua majani ya nje ili zionekane safi, aliwakataza. Majani yale ndiyo nguo yake ya safari. Yachubuke hayo, ndani pabaki salama. Zilipangwa nyuma ya lori, nafasi ya hewa ikiachwa katikati, na mtunza ghala akaambiwa kwamba saa tano jua halijawa kali lori liwe limeondoka. Chini ya turubai la mchana kabichi hupata joto, na zikifika zimelegea hakuna mpishi atakayezisikiliza.

Yakabaki mahindi. Shule iliagiza magunia thelathini. Ishirini yalikuwa ya wanachama mbalimbali, na Mama Bambo aliyachoma yote, akazitafuna punje mbilimbili akisikiliza zinavyopasuka, akaridhika. Kumi yaliyosalia yalikuwa ya Shangazi Uzi.

Huyu hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, mwenye shamba dogo juu ya mto, aliyeshona midomo ya magunia yake kwa uzi mwekundu ili yasichanganywe na ya wenzake. Mahindi yake yalikuwa na sifa. Mume wa Mama Bambo aliwahi kusema, siku moja ya zamani sana, kwamba gunia la uzi mwekundu halichomwi. Ukilichoma umemtukana mwenyewe. Tangu hapo hayakuchomwa. Baada ya mume kufariki, Mama Bambo aliendelea hivyo hivyo, na kama angeulizwa kwa nini, asingesema ni kwa sababu ya ubora. Lilikuwa neno la mumewe, mojawapo ya machache yaliyobaki yakifanya kazi.

Mtunza ghala alimletea chai. Mama Bambo, kama alivyozoea wakati wapagazi wakipumua, alikwenda kukaa sakafuni akiegemea rundo la Shangazi Uzi. Akanywa funda la kwanza. La pili hakulimeza mara moja.

Mgongo wake ulikuwa na joto.

Ghala lilikuwa baridi. Wapagazi walikuwa bado wamevaa masweta. Alihama akaegemea rundo la jirani. Baridi. Akarudi kwenye uzi mwekundu, akapenyeza mkono kati ya gunia na gunia. Vuguvugu, kama kitanda ambacho mtu ametoka kukilalia. Mahindi makavu hayatoi joto. Yanayotoa joto yamefungwa gunia yakiwa bado na maji ndani yake.

Alikaa hapo muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji. Sheria ya ushirika aliijua vizuri: gunia likikataliwa na mnunuzi kwa unyevu, mtunza ghala hulipiga msalaba wa chaki, linawekwa mlangoni wote walione, na mwenye nalo hapokelewi tena msimu ule. Chaki yenyewe ilikuwa mfukoni mwa koti la mtunza ghala, ncha yake inachungulia. Na Shangazi Uzi mwenyewe alikuwa uwanjani, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, anawasimulia wapagazi jambo lililowachekesha. Kuyachukua kimyakimya nako haikuwezekana. Magunia kumi mabichi katikati ya ishirini makavu, ndani ya stoo ya shule, ni sawa na kuwaalika ukungu na wadudu wayale yote thelathini, na wenye kuumwa matumbo watakuwa watoto.

Alisimama, akachukua bambo, akalichoma gunia la kwanza la uzi mwekundu. Liliingia kwa kusitasita. Mtunza ghala aliona akaacha kuandika.

Punje zilikuwa nzuri kwa macho, kubwa, hazina doa. Alitia moja mdomoni. Haikupasuka, ilibonyea. Ili asijidanganye, alitoa kwenye mkoba wake chupa safi ya kioo na chumvi kavu, akatia punje mpaka theluthi ya chupa, akaongeza chumvi, akaitikisa vizuri, kisha akaiweka chini itulie. Baada ya dakika chache aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo pande zote. Mahindi makavu yangeiacha ianguke chini yote.

Mtunza ghala alijikuna kichwa. Hakuitoa chaki, lakini mkono ulikwenda mfukoni.

"Ngoja kwanza," Mama Bambo akamwambia. "Niache nizungumze naye."

Alikwenda uwanjani na punje nne kiganjani, akachuchumaa mbele ya debe. Walisalimiana upya, kwa kirefu, shikamoo na marahaba na habari za mto na za magoti. Kisha akamnyoshea mzee punje mbili.

"Tutafune pamoja, shangazi. Kama zamani."

Zamani ndivyo walivyofanya wote watatu, pamoja na marehemu: kila mmoja anatafuna ya kwake, wakishindana punje ya nani imelia zaidi. Shangazi Uzi alizitazama punje. Akazishika. Akageuza uso upande wa mto, na ncha ya mtandio wake ikapanda mdomoni.

"Tafuna wewe, mwanangu," akasema polepole. "Mimi magego yalikwenda tangu mwaka jana. Yote."

Mama Bambo alielewa mambo yote kwa mpigo. Miaka yote mahindi yale yalikuwa mazuri kwa sababu mzee alikuwa akiyasikiliza kwenye jino kabla ya kushona. Sasa alikuwa akiyapima kwa kiganja, na kiganja cha mtu aliyelima miaka hamsini ni kigumu kama ubao, hakitambui unyevu. Naye hakumwambia mtu. Angemwambia nani, wakati mnunuzi mwenyewe hakuwa akikagua? Kama bambo lingepita kwenye magunia yake kama ya wengine, lingesema mapema.

"Kosa hili tumelifanya wawili," akasema. "Mimi na wewe."

"Yameharibika?"

"Mabichi tu. Tukiyafungua leo yatapona."

Kutoka kwenye lori shemeji alipiga honi. Ilikuwa karibu saa tano. Mama Bambo alitazama lori: nyuma kabichi, katikati magunia ishirini, na mbele pengo la magunia kumi. Lori hulipwa kwa safari, lijae au liwe tupu. Pengo lile lingeyapandishia nauli magunia ishirini na kula faida yote. Alizungusha macho uwanjani yakatua kwenye maboga yaliyolundikwa kando ya ukuta, ambayo hakuna mnunuzi aliyeyataka kwa sababu ni mazito na bei yake haifidii usafiri. Lakini usafiri leo ulikwisha kulipwa. Boga halioni joto, halichubuki kirahisi, na jikoni hukaa wiki nzima likingoja zamu yake.

Aliyabonyeza, akachagua yenye ganda gumu na kikonyo kikavu, na pengo likajaa. Shemeji alilalamika kwamba sasa anaonekana kama mtu anayehamisha harusi. Aliambiwa awaeleze jikoni kwamba magunia kumi yaliyobaki yatakuja Alhamisi na lori la nyanya, kwa kuwa lile huja na nafasi. Jiko halimalizi magunia ishirini kwa siku tano.

"Na ya uzi mwekundu niandikeje?" akauliza mtunza ghala. "Yamekataliwa?"

"Andika yananunuliwa Alhamisi."

Mtunza ghala alimtazama, akamtazama mzee, akaandika. Mkono wake ulitoka mfukoni mtupu.

Mama Bambo hakuondoka na lori. Walikata uzi, wakamwaga gunia moja baada ya jingine kwenye maturubai, tabaka jembamba, wakiyageuza kwa reki kila jua liliposogea kidogo. Gunia la chini kabisa lilikuwa limeanza kushikamana kwa ukungu. Hilo hawakulijadili, lilizikwa shimoni, wala kuku hawakupewa. Tisa yalibaki. Walipokuwa wakigeuza, Shangazi Uzi alimuuliza kama marehemu angekasirika kuona yamechomwa. Mama Bambo alifikiri kabla ya kujibu. Akasema marehemu alipenda kuamini watu, na yeye alipenda kumwacha aamini. Ila ukaguzi ulikuwa kazi yake, si ya marehemu.

Alipopanda gari la jioni aliiacha ile chupa ya chumvi juu ya debe. Hakuitolea maelezo, mzee alikwisha kuiona ikitumika mchana ule walipokuwa wakigeuza.

Alhamisi alikuta magunia tisa yamesimama mlangoni, midomo wazi. Shangazi Uzi alikuwa na sindano mkononi, na chupa pembeni, chumvi yote imeanguka chini. Hakushona kwanza. Alilivuta gunia la mbele, akaligeuza ubavu.

"Choma," akasema.

Mama Bambo alichoma yote tisa, akatafuna, na kila punje ililia kama kijiti kikavu. Mzee aliinamisha sikio kuzisikiliza kupitia shavu la mwenzake. Halafu akapita na sindano, akaziba kila tundu la bambo kwa mshono mmoja mwekundu.

Wapagazi walipokwenda kunywa chai, Mama Bambo aliketi sakafuni akaegemea rundo. Lilikuwa baridi mpaka mabegani. Aliendelea kuegemea hapo mpaka honi ikapigwa mara ya pili.