Mwanafunzi Asiye na Chumba

Kwa miaka ishirini na sita mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu alikuwa na sifa mbili: hakuwahi kuchelewa darasani, na hakuwahi kubadilisha alama aliyokwisha kuiandika kwa kalamu nyekundu. Wanafunzi walimwita Kwa Hiyo, kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Alilijua jina hilo na lilimpendeza kuliko cheti chochote kilichoning'inia ukutani kwake.

Asubuhi moja ya siku za matokeo mlango wa ofisi yake uligongwa. Aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake walimwita Mama Pacha. Mkononi alikuwa na karatasi yake ya mtihani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Umekuja kulia au kubishana?"

"Kubishana, mwalimu. Nikishindwa ndipo nitalia."

Kwa Hiyo alicheka bila kutaka. Mama Pacha alikuwa amepata thelathini na saba, na kufaulu ni arobaini kwa mia. Akianguka somo hili atarudia mwaka mzima. Mumewe, mlinzi wa ghala, alikwisha kumwambia kwamba mwaka mwingine wa ada hawauwezi. Ilikuwa cheti sasa, au arudi kuuza dukani kwa binamu yake.

"Swali la nne," alisema Mama Pacha. "Nimepata sifuri kati ya sita."

Kwa Hiyo hakuhitaji kulisoma; alilitunga mwenyewe. *C ni seti ya wanafunzi wote wa chuo. Tunasema x anahusiana na y ikiwa x na y wanalala chumba kimoja cha bweni la chuo. Thibitisha kwamba huu ni uhusiano wa usawa.* Mama Pacha alikuwa amejibu kwa mistari miwili: *Haiwezekani kuthibitisha. Uhusiano huu haujirejei.* Chini yake kulikuwa na alama ya mkasi, nyekundu na nene.

"Mama, uhusiano wa usawa unataka nini?"

"Mambo matatu. Kwanza ujirejee, yaani kila kilichomo kwenye seti kihusiane na chenyewe. Pili uwe linganifu, x akihusiana na y, basi na y ahusiane na x. Tatu upitishe, x akihusiana na y, na y na z, basi x ahusiane na z."

"Vizuri. Tukilala chumba kimoja mimi na wewe, wewe nawe unalala nami..." Alijishtukia. "Nilitaka kusema, ulinganifu upo."

"Upo, mwalimu. Tuuache hapo hapo," alisema Mama Pacha, akiuma midomo asicheke.

"Upitishaji?"

"Upo pia. Kila mtu wa bweni ana chumba kimoja tu."

"Kwa hiyo!" Kwa Hiyo alivuta karatasi. "Chukua x. Anahusiana na y. Kwa ulinganifu, y anahusiana na x. Kwa upitishaji, x hadi y, y hadi x, kwa hiyo x anahusiana na x. Uhusiano umejirejea wenyewe. Nimewafundisha njia hii ya mkato tangu mwaka wa kwanza. Wenzako hamsini na wawili wameiandika."

"Huyo y ametoka wapi, mwalimu?"

"Ametoka... chumbani."

"Mimi nalala nyumbani kwangu, na mume wangu na watoto wangu wawili. Sina chumba cha bweni. Nimo kwenye seti C, lakini sihusiani na mtu yeyote. Hata na mimi mwenyewe, maana swali linasema chumba cha bweni la chuo."

Kwa Hiyo aliweka kidole juu ya ile y karatasini. Maneno *chukua x, anahusiana na y* aliyaandika ubaoni zaidi ya mara mia, na kila mara alitembea juu yake kama mtu anayepita daraja asilolikagua. Yule y hakuahidiwa na mtu. Njia ya mkato ilikuwa sahihi kwa kila mwenye mwenzake tu. Asiye naye ilimwacha nje, ilhali kujirejea kunadai *kila* kilichomo kwenye seti.

"Geuza ukurasa," alisema kwa sauti ya chini. "Swali la tatu ulilijibuje?"

Swali lilihusu namba nzima: a inahusiana na b ikiwa a toa b inagawanyika kwa tano. Mama Pacha alikuwa ameanza na kujirejea bila kuomba msaada wa b yeyote: a toa a ni sifuri, na sifuri ni tano mara sifuri, kwa namba yoyote ile. Kisha ulinganifu: a toa b ikiwa tano mara k, b toa a ni tano mara k hasi. Kisha upitishaji: a toa b ni tano mara k, b toa c ni tano mara m, ukijumlisha, a toa c ni tano mara k na m pamoja. Alama zote nane. Mwanafunzi huyu alikuwa amekagua kila sifa peke yake, na mwalimu wake alikuwa akiruka moja.

"Nenda nyumbani," alisema. "Usilie bado."

Mkuu wa idara alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mpole asiyependa kelele. Alimsikiliza Kwa Hiyo hadi mwisho, akavua miwani.

"Mwalimu wangu, tulifute swali. Tusahihishe mtihani kwa alama tisini na nne badala ya mia. Hakuna atakayeuliza, na jina lako linabaki safi."

Lilikuwa jambo la dakika tano, na Kwa Hiyo alikiri moyoni kwamba alilitamani. Alichukua kikokotoo kilichokuwa mezani. Thelathini na saba kwa tisini na nne. Aligeuza kioo kidogo upande wa mkuu: thelathini na tisa nukta tatu na ushee.

"Anaanguka," alisema.

"Kwa kukosa nusu tu na kidogo."

"Kwa kosa langu. Amejibu sawa swali nililoliuliza vibaya. Stahili yake ni sita."

"Na wale hamsini na wawili? Ukiwanyang'anya zile sita, kuna watakaoanguka."

"Waachiwe. Waliombwa wathibitishe uongo, wakatumia njia niliyowapa. Nitaandika kwa bodi ya mitihani kwamba mwongozo wangu wa kusahihisha ulikuwa na kosa, niseme ni lipi, nitie sahihi."

"Bodi itasoma hadharani."

"Najua. Walio wengi bodini niliwafundisha mimi, tena kwa mkato huo huo. Watajifunza."

Mkuu wa idara alivaa miwani, akamsogezea karatasi tupu.

Barua ilikuwa na mistari tisa. Bodi iliisoma siku ya Alhamisi, mtu mmoja akakohoa, na alama ikabadilishwa: arobaini na tatu. Jumatatu Kwa Hiyo aliita darasa lote, akaandika swali la nne ubaoni.

"Nani humu halali bwenini?"

Mikono saba ilinyanyuka. Mama Pacha alinyanyua wake taratibu, huku jirani yake akimchokoza kwa kiwiko.

"Hawa saba," alisema Kwa Hiyo, "niliwasahau tangu mwaka wa kwanza. Fungueni madaftari. Tunaanza upya na kujirejea, na safari hii hakuna kuruka mtu."