Mimba Yangu na Vitenge Sita

Mama mkwe ndiye aliyenivika. Yeye, mimi na mume wangu tulikuwa tumelala wiki nyingi chini, nje ya stesheni ya Kolwezi, pamoja na watu wote walioambiwa watoke Katanga warudi kwao Kasai. Mimi nilizaliwa Kolwezi, lakini wazazi wangu walitoka Kasai, na hiyo ilitosha tufukuzwe. Watu husema kawia ufike. Sisi tulikawia bila kujua tunafika wapi.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua haijaanza, na mimba yangu ilikuwa na miezi saba. Vijana walikuwa wakinyang'anya mizigo ya watu wanapopanda behewa. Mwanamke mwenye mimba tu ndiye hawakumgusa, waliogopa laana. Mama mkwe aliliona hilo mapema. Akatoa vitenge vyake sita vya wax, pamba nzito ya bei, ambavyo havijapata kushonwa wala kufuliwa. Kwetu kitenge kizima ni akiba ya mwanamke, huuzwa siku ya shida. Akanizungushia vyote tumboni, kimoja juu ya kingine, halafu akanivika gauni langu la nailoni.

"Vala tu, mwana," akasema. "Mwanamuke wa mimba habawezi kumugusa."

Nilikuwa fundi cherehani. Nilijua kitenge kipya kina wanga, ni kigumu, hakipitishi hewa mpaka kifuliwe. Nilijua nailoni hainywi jasho, inalibakiza kwenye ngozi. Wateja wangu wenye mimba niliwakataza vitu hivyo kila siku, tena kwa ukali. Lakini nilinyanyua mikono nikavikwa. Tangu walipotutoa nyumbani sikuwa na hasira wala hofu, na ubishi wangu, ambao mume wangu aliuogopa kuliko bosi wake, ulikuwa umeisha.

Nilishinda hivyo siku kadhaa. Vipele vilinitoka chini ya tumbo na chini ya matiti. Fundo la kitenge lilinikaba palepale tumbo lilipokuwa likizidi, maana wax haivutiki, haijui kama mwili umekua. Nikaanza kuona giza nikisimama. Halafu mtoto akatulia. Nilingoja asubuhi nzima apige teke, hakupiga. Nililitazama jambo hilo kama habari ya jirani.

Mchana nikasema, "Mama, mutoto hachezi tena."

Alinipeleka nyuma ya ukuta, akanifungua fundo moja baada ya jingine, akaona ngozi yangu. Akaninywesha maji, akanilaza kwa ubavu wa kushoto kivulini, akanipepea kwa mfuniko wa sufuria. Muda mrefu haukutokea mguso wowote. Kisha mtoto akasukuma, kidogo, upande wa mbavu. Nilipaswa kulia. Sikulia.

"Nishone nini sasa?" nikamwuliza, maana mikono yangu ilitaka kazi.

Akanipa shuka lake la pamba, la zamani, lililofuliwa mpaka likawa laini na jepesi. Nilikata gauni pana, lenye marinda kuanzia chini ya matiti ili tumbo lisibanwe popote. Mbele nilirefusha kiganja kizima kuliko nyuma, kwa sababu tumbo huinua pindo. Pembeni niliacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono na kamba za kufunga nyuma, nizilegeze kadiri ninavyonenepa. Kifuani niliweka vifungo vya kunyonyeshea. Kutoka kwenye tisheti ya mume wangu nilikata mkanda mpana wa sketi ya ndani, upande unaovutika ukizunguka mwili, ukae chini ya tumbo na kulifuata. Nilishona kwa mkono. Nilipolivaa, upepo uliingia kwapani na kutokea chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kusikia kitu.

Mama mkwe aliokota vitenge vyake, akajizungushia mwenyewe. Mume wangu akacheka: "Mama, na weye uko na mimba?"

"Ya mapacha," akajibu.

Behewa lilipokuja, vijana walikuwa mlangoni. Mimi walinipisha, mmoja hata akanishika kiwiko nisianguke. Mama mkwe walimtazama uso, wakaziona mvi. Walimshika mabega, wakavuta ncha ya kitenge, naye akawa anazungushwa palepale mbele ya watu, kimoja, kingine, mpaka vyote sita. Mume wangu alizuiwa na mikono mingi. Mimi nilikuwa ndani tayari, nikitazama.

Alipanda akiwa na shimizi tu. Alikaa kando yangu, akavuta pumzi. Nikafungua kamba za gauni langu, nikatandaza upana wake wote mpaka ukafunika mapaja yake. Hatukutazamana.

"Mutoto anacheza?" akauliza.

Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya shuka, pale mtoto alipokuwa anapiga teke. Hapo ndipo nililia.