Maswali Saba ya Mama Nereida

Katika mtaa wa Villa Olímpica, mjini San Pedro, Jamhuri ya Dominika, Fiordaliza alijulikana kwa mambo mawili: kushona mifuko ya suruali kwa kasi kiwandani, na kumwahidi Mungu vitu asivyoweza kuvitimiza. Bikira alikuwa anamdai mishumaa kumi na minane. Mtakatifu Antoni alikuwa anamdai safari ya miguu mpaka kanisa la hija la Higüey. Bahati yake, hao wa mbinguni hawaji kugonga mlango tarehe kumi na tano, siku ya mshahara.

Siku hiyo alikuwa amekaa ndani ya ofisi ya chama cha kuweka na kukopa, na pembeni yake dada yake mkubwa, Danilda, mhudumu wa wodi hospitalini, amevaa kofia ya Jumapili kana kwamba anakuja kubatizisha mtoto. Danilda alikuwa amekuja kuwa mdhamini. Fiordaliza akipewa pesos elfu kumi na tano halafu ashindwe kulipa, chama kingezichukua kwenye akiba ya Danilda. Na akiba hiyo, elfu ishirini na mbili, ilikuwa ya mabati. Paa lake liliondoka na kimbunga mwaka juzi, na tangu hapo analala chini ya turubai la bluu.

"Mkopo ni wa nini?" aliuliza Mama Nereida, mwenye ofisi, mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Sherehe ya binti yangu. Anatimiza miaka kumi na tano."

"Gauni lenye mkia?"

"Lenye mkia."

"Huwa lina mkia mrefu hilo," alisema Mama Nereida, akamsukumia karatasi na penseli. "Jaza hii kwanza. Haiingii kwenye faili. Ukimaliza itupe, itafune, shauri yako. Ila usinidanganye, maana mimi hutanidanganya, utajidanganya mwenyewe."

Yalikuwa maswali saba. Je, unajua jumla ya madeni yako bila kukisia? Je, umekopa kwa mtu mmoja ili umlipe mwingine? Je, kuna deni unalolipa riba tu, na lenyewe liko palepale? Je, malipo ya madeni yanakula zaidi ya theluthi ya mshahara? Je, unanunua chakula kwa mkopo kabla mwezi haujafika katikati? Je, kuna deni ambalo mumeo halijui? Je, kuna mtu mwingine anayeshika kadi yako ya mshahara?

Fiordaliza alijibu haraka, kama anavyoshona mifuko. La kwanza akaweka "ndiyo", sita yaliyobaki "hapana". Danilda alichungulia begani kwake.

"Ona alivyo malaika," alisema. "Mimi mwenyewe nina deni la viatu."

"Dada, kaa kimya, huu ni mtihani."

"Ndiyo maana naangalizia."

Mama Nereida hakucheka. Alinyoosha mkono. "Nipe kadi ya mshahara niitoe kopi."

Fiordaliza akafungua pochi, akaifunga. Kadi yake haikuwa kwenye pochi. Ilikuwa kwa Don Ciprián, mkopeshaji wa mtaani, kwenye kopo la biskuti, pamoja na kadi za watu wengine arobaini, kila moja imefungwa mpira na namba ya siri imeandikwa kwenye kikaratasi. Don Ciprián alikuwa mtu wa dini sana. Alivaa skapulari, kile kitambaa kidogo cha ibada cha shingoni, alisoma masomo ya Misa ya Jumapili, na kila tarehe kumi na tano na thelathini alipanda pikipiki yake mpaka kwenye mashine ya benki, akatoa mshahara wa wenzake, akakata chake, akawaletea kilichobaki ndani ya bahasha na kuwaambia Mungu awabariki. Kadi nyingi mtaani zilikaa kwake. Fiordaliza alipompa ya kwake, aliona ni kama kuweka nguo kwa dobi.

"Nimeisahau nyumbani," alisema.

"Basi utaileta kesho. Mdhamini anaweza kusaini leo." Mama Nereida akampa Danilda kalamu.

Danilda alivua kofia, akaiweka magotini. Akaanza kuandika jina lake, polepole, kwa herufi kubwa, kama mtu asiyesaini mara nyingi. D. A. N.

Fiordaliza akaziangalia herufi zile. Akaona turubai la bluu likipeperuka, na dada yake chini yake na ndoo mbili.

"Dada, acha kwanza."

"Nimefika kwenye N tu."

"Acha kwenye N."

Akachukua penseli, akaigeuza upande wa kifutio, akaanza kufuta. Alifuta "hapana" sita zote, na ile "ndiyo" pia, mpaka karatasi ikatoboka pembeni. Danilda alimtazama, na kalamu ikabaki hewani.

"Kadi iko kwa Don Ciprián," Fiordaliza alisema. "Alinikopesha elfu kumi. Asilimia ishirini kwa mwezi."

"Tangu lini?" aliuliza Mama Nereida.

"Miezi kumi na minne."

"Elfu mbili kila mwezi. Umeshampa elfu ishirini na nane. Unamdai au anakudai?"

"Ananidai elfu kumi."

"Msoma masomo huyo," Danilda alisema. "Jumapili alisoma habari za Zakayo, yule aliyerudisha mara nne. Na uso mkavu."

Mama Nereida akachukua kikokotoo. Elfu kumi za Ciprián. Daftari la duka, elfu nne na mia tatu. Upatu wa kiwandani, ambao Fiordaliza alishakula zamu yake, bado elfu sita za kuwalipa wenzake, elfu mbili kwa mwezi. Friji, miezi tisa ya elfu moja na mia nane.

"Na elfu tatu za Danilda," Fiordaliza aliongeza kwa sauti ya chini. "Zile nilizosema ni za dawa. Zilikuwa za friji."

Danilda aligeuza shingo taratibu. "Nilikuombea rozari kwa huo ugonjwa."

"Najua, dada. Nilipona."

Jumla ilikuwa elfu thelathini na tisa na mia tano. Fiordaliza alidhani ni kama elfu ishirini. Kila mwezi, pamoja na kulipa daftari la duka, zilitoka elfu kumi na mia moja kwenye mshahara wa elfu kumi na nane, na kodi ya nyumba bado. Ndiyo maana daftari hilo lilianza kujaa tena siku nane tu baada ya mshahara.

"Sherehe haikuwa sherehe," alisema Mama Nereida. "Ulitaka umlipe nani?"

"Ciprián nusu. Gauni nusu."

"Mkopo leo hakuna. Naandika umeahirishwa. Nenda benki, sema kadi haipo mikononi mwako, uombe mpya na namba mpya. Kisha mwambie Ciprián ana kwa ana, deni hulikimbii, ila utalipa mwenyewe, riba na kipande cha zile elfu kumi. Lake ndilo linalokula haraka, lianze hilo. Friji ukiweza uirudishe. Na mumeo ajue leo, kabla hajaambiwa na Ciprián."

Danilda akairarua fomu yenye herufi zake tatu, akaweka vipande mkobani.

"Sisaini," alisema. "Wala usinibembeleze."

"Sikubembelezi."

"Na gauni litashonwa na mimi, bila mkia. Twende."

Benki ilikuwa na foleni ndefu. Walisimama saa nzima, na katikati Danilda akanung'unika kwamba rozari ile angeweza kumwombea mtu mgonjwa kweli. Kwenye dirisha, msichana wa benki aliifunga kadi ya zamani, akampa Fiordaliza mpya na kumgeuzia kibao cha namba.

"Chagua tarakimu nne, mama. Asizijue mtu."

Danilda akageuka ukutani akaanza kusoma tangazo la akaunti za watoto, huku Fiordaliza akibonyeza.